STARD na bayasi ya spektra kwenye tasnifu: maswali ambayo wanafunzi wananiuliza kila msimu wa difensi

Wengi wanaonitafuta ni marezidenti wa mwaka wa mwisho, data wameshakusanya, difensi imebaki wiki mbili tatu, na supavaiza kawaambia "weka STARD". Maswali yanajirudia yale yale kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mifano yangu mingi ni ya kifua kikuu na GeneXpert kwa sababu ndo kipimo ambacho wengi wetu tumekishika kwa mkono, ila ukiwa na kipimo kingine chochote mantiki ni hiyo hiyo.

STARD ni kitu gani hasa, na natakiwa kuifuata ipi?

Ni orodha ya mambo ambayo mtu anayeripoti utafiti wa usahihi wa kipimo lazima ayaseme ili msomaji aweze kuamua aamini namba zake kiasi gani. Ya kwanza ilitoka 2003 ikiwa na vipengele 25, ikarekebishwa na kutolewa upya 2015 ikiwa na vipengele 30, na hiyo ya 2015 ndo unayotakiwa kuitumia. Ukikuta mwenzako kakupa karatasi yenye vipengele 25 mwambie aitupe.

Kitu cha kuelewa mapema ni kwamba STARD haikuambii utafiti wako ni mzuri au mbaya. Inakuambia useme ulichofanya. Chombo cha kupima ubora ni kingine, kinaitwa QUADAS-2, cha 2011, na mtahini anaweza kukutega hapo akuulize "je, STARD yako ilipata alama ngapi?" STARD haina alama. Mjibu hivyo hivyo kwa utulivu.

Bayasi ya spektra ni nini kwa lugha ya wodini?

Spektra ni ule mchanganyiko wa watu uliowaingiza kwenye utafiti: wenye ugonjwa wameugua kwa kiasi gani, na wasio na ugonjwa wana nini badala yake. Sensitiviti na spesifisiti zinategemea huo mchanganyiko. Tulifundishwa mwaka wa pili kwamba hizo namba mbili ni mali ya kipimo, kwamba hazibadiliki, kinachobadilika ni zile za uwezo wa kutabiri tu. Hilo somo ndo linalowaangusha watu kwenye difensi maana si kweli, au niseme ni kweli nusu.

Tuchukue namba halisi. Utafiti mkubwa wa GeneXpert uliochapishwa 2010, ambao wagonjwa wake walitoka Peru, Azabajani, Afrika Kusini na India, ulikuta hivi kwa kipimo kimoja cha makohozi: kati ya wagonjwa 561 waliokuwa chanya kwenye kalcha na chanya kwenye darubini, mashine iliwakamata 551, yaani asilimia 98.2. Kati ya 171 waliokuwa chanya kwenye kalcha lakini hasi kwenye darubini, iliwakamata 124, yaani asilimia 72.5. Ukiwajumlisha wote unapata 675 kati ya 732, asilimia 92.2.

Sasa iangalie hiyo 92.2 vizuri. Imetoka wapi? Imetoka kwenye ukweli kwamba 561 kati ya 732, karibu asilimia 77, walikuwa chanya kwenye darubini. Ichukue mashine ile ile, katriji zile zile, fundi yule yule, uipeleke kwenye kliniki ya watu wanaoishi na VVU ambako tuseme asilimia 40 tu ya wenye TB ndo chanya kwenye darubini na 60 ni hasi. Hesabu ni hii:

```
0.40 × 98.2 + 0.60 × 72.5 = 39.3 + 43.5 = 82.8
```

Umeshuka kutoka 92.2 mpaka karibu 83 na hujagusa mashine. Hakuna aliyekosea maabara, ni wagonjwa waliobadilika. Hiyo ndo spektra, na mimi nikisimama mbele ya watahini hesabu hii ndo ya kwanza ninayoiandika ubaoni kwa sababu haihitaji mtu kukuamini, anaijumlisha mwenyewe.

Kwa nini inatokea? Mtahini wangu ni mtu wa maabara, hataki maneno ya epidemiolojia

Basi mpe wadudu. Darubini inahitaji bakteria kama 5,000 mpaka 10,000 kwa mililita moja ya makohozi ndo uwaone. GeneXpert ile ya kwanza kikomo chake kilipimwa kikawa karibu 131 kwa mililita. Kalcha inaweza kuota hata wakiwa 10 mpaka 100. Kwa hiyo mgonjwa aliye chanya kwenye darubini ana wadudu mara kadhaa zaidi ya kile mashine inachohitaji, hawezi kuikosa labda makohozi yameharibika. Yule aliye hasi kwenye darubini anaweza kuwa na 3,000 na mashine ikamkamata vizuri, au akawa na 50, kalcha ikaota na mashine ikakaa kimya.

Ukiwa na wodi iliyojaa watu wenye mashimo kwenye mapafu, waliokohoa miezi minne kabla ya kuletwa, unapima wale wa elfu kumi na kuendelea. Ukikaa zahanati unachukua kila anayekohoa wiki mbili, unapata wengi wa wadudu wachache. Mtu wa maabara akishaona hivyo hakuulizi tena.

Vipengele gani vya STARD vinabeba hili jambo? Orodha ni ndefu sijui nianzie wapi

Anza na cha 3, ambacho watu wanakiruka kwa sababu kinaonekana ni maneno ya utangulizi tu. Kinakutaka useme kipimo chako kimekusudiwa kutumika kwa nani na kitashika nafasi gani: kinachukua nafasi ya darubini, kinafanyika kabla yake kama chujio, au kinaongezwa juu yake. Usipoandika hilo huwezi kujibu swali la spektra hata kidogo maana spektra haiwi sawa wala mbaya yenyewe, inakuwa sawa au mbaya ukilinganisha na watu ambao kipimo kinakwenda kutumika kwao.

Ukitoka hapo nenda cha 6, vigezo vya kuingia, halafu cha 7, uliwajuaje hao watu: kwa dalili, kwa majibu ya kipimo kilichotangulia, au uliwatoa kwenye rejista. Cha 7 ndo penye siri nyingi. Kama wagonjwa wako wote walitumwa GeneXpert *baada ya* darubini kuwa hasi, umeshawatoa wale rahisi wote na sensitiviti yako itaonekana mbovu. Kama uliwatoa kwenye rejista ya wanaoanza dawa, umefanya kinyume chake. Cha 8 ni wapi na lini. Cha 9 ni kama uliwachukua kwa mfululizo, kwa kubahatisha kitaalamu, au waliopatikana tu. Nawaomba kwenye cha 9 muwe wakweli, kila tasnifu ninayoisoma imeandika "kwa mfululizo", alafu ukiuliza unaambiwa wikiendi hatukuwa tunachukua, na usiku hatukuwa tunachukua, na siku ambazo makohozi yalizidi maabara tuliwaacha. Hao wa usiku ndo wanaoletwa wamezidiwa.

Kisha matokeo: cha 20, sifa za washiriki, na cha 21a na 21b. Hivi viwili vya mwisho ndo moyo wa mambo. 21a inataka uonyeshe wenye ugonjwa wamegawanyika vipi kwa ukali wa ugonjwa. 21b inataka uonyeshe wasio na ugonjwa walikuwa na magonjwa gani mengine.

21a na 21b naziandikaje? Sijawahi kuona mtu kaziandika

Ni kweli, tasnifu nyingi zina jedwali moja la umri, jinsia, kazi na hali ya ndoa, wanaliita sifa za washiriki, wanasonga mbele. Hali ya ndoa haibadilishi majibu ya GeneXpert. Weka kitu cha namna hii:

| Wenye TB kwa kalcha | Wasio na TB kwa kalcha |
|---|---|
| Chanya kwenye darubini: idadi | Nimonia ya bakteria: idadi |
| Hasi kwenye darubini: idadi | Waliowahi kutibiwa TB: idadi |
| Wana VVU, CD4 chini ya 200: idadi | Pumu au bronkaitisi sugu: idadi |
| Muda wa kukohoa, wastani wa kati | Saratani ya mapafu: idadi |
| Wana shimo kwenye eksirei: idadi | Utambuzi haukujulikana: idadi |

Safu ya kulia ndo inayosahaulika. Watu wanadhani "hana TB" ni kundi moja. Lakini spesifisiti inaharibika kwa wale wanaofanana na mgonjwa, haiharibiki kwa mtu mzima wa afya aliyekuja kuchangia damu. Kwenye GeneXpert Ultra kwa mfano, aliyetibiwa TB siku za karibuni anaweza kutoa chanya kwa sababu ya DNA ya bakteria waliokwisha kufa, mashine inasoma DNA, haijui kama mwenyewe yu hai. Sasa kama ulikataa kuingiza waliowahi kutibiwa, spesifisiti yako itapendeza sana na haitamfaa daktari wa kliniki ambako watu wa namna hiyo wanarudi kila siku na kikohozi. Na mstari wa "utambuzi haukujulikana" uache hapo, usiuone aibu, kwenye hospitali zetu utakuwa na watu wengi na mtahini anajua.

Mtahini akiniuliza moja kwa moja "hii si bayasi ya spektra?" nijibu nini?

Usiseme "ndiyo Profesa, nimeitaja kwenye limitesheni ukurasa wa 58." Nimekaa kwenye difensi nyingi, nimeona jibu hilo likifungua mlango wa maswali kumi. Mtahini hakuuliza kama umeitaja. Anataka kujua kama unajua inasukuma namba zako upande gani na kwa kiasi gani.

Jibu lenye nguvu lina hatua tatu na linatoka kwa sauti ya kawaida tu. Hivi ndivyo mwanafunzi mmoja niliyemwandaa alivyojibu, namkumbuka alikuwa kashika kalamu ya ubao mkono mzima unatetemeka:

"Asante Profesa. Kipimo hiki nimekilenga kwa wagonjwa wa nje wanaokohoa wiki mbili au zaidi. Wagonjwa wangu nimewachukua hospitali ya rufaa, kwa hiyo nilitegemea wengi wawe wameshaugua sana, na jedwali la 4 linaonyesha hivyo, sehemu kubwa ya wenye TB ni chanya kwenye darubini. Hiyo inapandisha sensitiviti yangu. Ndo maana kwenye jedwali la 6 nimeitoa kwa makundi mawili badala ya namba moja, na daktari wa kituo cha afya anayetaka kutumia matokeo yangu aangalie zaidi ile ya walio hasi kwenye darubini."

Profesa akauliza, "Kwa hiyo namba yako ya jumla si sahihi?"

"Ni sahihi kwa mchanganyiko nilioupima, Profesa. Kwa kituo cha afya ningetegemea iwe chini." Akageuka ubaoni akaandika ile hesabu ya uzani, akaweka asilimia za makundi yake, akapata namba.

Mtahini wa pili, daktari wa kifua, akaandika kitu kwenye karatasi yake akasema "endelea." Hapo limekwisha. Ona alichofanya: kasema kipimo ni cha nani, kaonyesha jedwali la mchanganyiko, kasema upande ambao namba imesukumwa. Hakuomba msamaha popote.

Maswali ya nyongeza yanakuja kwa upande wa spesifisiti pia, jiandae. "Na wale wasio na TB walikuwa nani?" Ukiwa na 21b unafungua ukurasa. Ukiwa huna, hapo ndo jasho.

Ni bayasi au ni "athari" ya spektra? Supavaiza mmoja anasema hivi mwingine vile

Wote wana hoja, na ugomvi huu upo hata kwa wataalamu. Neno bayasi ya spektra lilipata umaarufu na makala ya Ransohoff na Feinstein ya 1978. Baadaye, 2002, Mulherin na Miller wakapendekeza tutofautishe, na mimi naona wana haki.

Kama uliwapima sawasawa watu halali wa kliniki yako, ila kliniki nyingine ina watu wa aina nyingine, hapo hakuna kosa lililofanyika. Namba inatofautiana kwa sababu wagonjwa wanatofautiana, hiyo ni athari, na dawa yake ni kuripoti kwa makundi. Ila kama ulisema kipimo ni cha wagonjwa wa zahanati na ukaenda kuchukua wa wodini, au ukatumia watu wazima wenye afya kama "wasio na ugonjwa", hapo namba yako haijibu swali uliloliuliza na neno bayasi linafaa. Kinachotofautisha ni kile kipengele cha 3 tena. Ukiulizwa kwenye difensi sema tofauti hiyo kwa sentensi mbili, alafu useme yako ni ipi.

Nilitumia wagonjwa walioshathibitishwa na kontrol wenye afya. Nimekwisha?

Hujakwisha lakini usijifiche. Nitawaambia yaliyonikuta mimi. Kwenye utafiti wangu wa kwanza, ambao haukuwa wa TB, nilichukua kesi kutoka wodini, wote wameshathibitishwa, na kontrol nikachukua wanafunzi wenzangu wa chuo waliojitolea, kwa sababu ilikuwa rahisi na bajeti ilikuwa yangu mfukoni. Namba zilitoka nzuri mno. Nilifurahi nikamtumia supavaiza usiku ule ule, naye akafurahi, tukaandika kwenye ikisiri kwamba kipimo kinafaa kutumika kliniki. Siku ya difensi mtahini wa nje akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti mstari wa kontrol, akaniuliza: "Kati ya hawa wanafunzi, yupi angefika kliniki na daktari akashindwa kujua kama anaumwa ugonjwa huu?" Hakukuwa na hata mmoja. Nilirudishwa miezi 3 kuandika upya, na kusema kweli alinitendea haki, maana kama ile ikisiri ingetoka vile kuna mtu angeiamini.

Ukubwa wa tatizo hilo umepimwa. Lijmer na wenzake, 1999, walilinganisha tafiti nyingi za vipimo wakakuta zile zilizochukua kesi upande mmoja na kontrol wa kundi tofauti upande mwingine zilikuza odds ratio ya uchunguzi karibu mara 3 ukilinganisha na zilizochukua wagonjwa wa kliniki wenye mashaka.

Kwa hiyo kama ndo ulivyofanya, liandike kwenye njia, kipengele cha 5 mpaka 9, kwa maneno ya wazi kwamba ulitumia milango miwili. Badilisha lengo: utafiti wako sasa unaonyesha kama kipimo *kinaweza* kutofautisha mgonjwa dhahiri na mzima dhahiri, ambayo ni hatua halali ya mwanzo. Alafu ondoa kwenye ikisiri na hitimisho kila sentensi inayosema kipimo kitumike kliniki. Ukiiacha hata moja mtahini ataipata.

Hii si ni sawa tu na kusema maambukizi ni mengi au machache?

Hapana, na hapa ndo watu wanachanganya zaidi ya mahali pengine popote. Wingi wa ugonjwa unabadilisha uwezo wa kutabiri hata kama sensitiviti na spesifisiti zimekaa pale pale. Chukua sensitiviti ya 92.2 na spesifisiti ya 99.2 za ule utafiti wa 2010. Kliniki ambako watu 10 kati ya 100 wana TB, chanya yako ni ya kweli kwa karibu asilimia 93. Ukienda kupima jamii ambako wenye TB ni 2 kati ya 100, inashuka mpaka karibu 70. Hiyo ni hesabu tu ya wingi.

Spektra ni kitu kingine: sensitiviti *yenyewe* inasogea kwa sababu aina ya wagonjwa imesogea. Tatizo ni kwamba maishani vinatembea pamoja. Hospitali ya rufaa ina wagonjwa wengi zaidi na pia walioumwa zaidi, zahanati ina wachache na wa mwanzoni. Ndo maana mtu akiona namba zimebadilika anasema "ni prevalensi" na anakuwa amekosa nusu.

Una mfano nje ya TB? Mtahini wangu ni wa tiba ya jumla

Upo mzuri sana, wa dipstiki ya mkojo, 1992, Lachs na wenzake. Walichukua wagonjwa 366 na kabla ya kuangalia kijiti madaktari walishasema wanamshuku mgonjwa UTI kwa kiasi gani. Kwa wale walioshukiwa sana, wenye dalili zote, sensitiviti ya kijiti ilikuwa asilimia 92. Kwa wale walioshukiwa kidogo ilikuwa 56. Kijiti ni kile kile. Na spesifisiti ilienda upande wa pili: 42 kwa walioshukiwa sana, 78 kwa walioshukiwa kidogo.

Fikiria maana yake kwa daktari: kijiti kinafanya kazi vizuri kwa mama anayekojoa kwa maumivu na homa, ambaye ungempa dawa hata bila kijiti, na kinakosa karibu nusu ya wale ambao kweli ulikuwa unakihitaji kikuamulie. Daktari wa tiba ya jumla akisikia hivyo anaelewa mara moja maana vijiti hivyo kavitumia asubuhi ile ile.

Chati ya mtiririko nayo inahusika?

Inahusika, kipengele cha 19. Kila mshale unaotoa watu nje ya utafiti unabadilisha spektra. Angalia hasa wawili. Kwanza wasioweza kutoa makohozi: wengi wao ni wenye wadudu wachache, kwa hiyo ukiwaacha kimya umewaondoa wale wagumu. Pili wale ambao kalcha yao iliharibika kwa uchafu. Waandike idadi na sababu. Na majibu ya mashine yanayosomeka `INVALID`, `ERROR` au `NO RESULT` kwenye skrini yana kipengele chao, cha 15, usiyafute kwenye eksel kabla ya kuyahesabu.

Nagawa makundi baada ya kuona data, ni kosa?

Siyo kosa ukisema hivyo. Kipengele cha 17 kinakutaka utofautishe uchambuzi uliopangwa kwenye protokali na ule uliokuja baadaye. Kama kwenye proposo uliandika utagawa kwa darubini na VVU, sema umepanga. Kama ulikuja kugawa kwa CD4 baada ya kuona namba inavutia, sema ni wa kuchunguza tu. Watahini wengi wanaomba proposo na kulinganisha, msidhani hawasomi.

Kitu cha pili hapa ni ukubwa wa kundi. Ukigawa, kila kundi linakuwa dogo na wigo wa uhakika unapanuka. Hata ule utafiti mkubwa, kwa wale 171, asilimia 72.5 ilikuwa na wigo wa asilimia 95 kutoka 65.4 mpaka 78.7. Wewe mwenye watu 20 walio hasi kwenye darubini wigo wako utakuwa mpana kama barabara, uandike hivyo hivyo, kipengele cha 24 kinautaka.

Nafanyaje hesabu kwenye R bila kukosea?

Pakiti ya `epiR` inatosha. Kosa ninaloliona kila mara ni kugeuza jedwali. Safu wima ni ugonjwa kwa kalcha, mistari ni majibu ya kipimo, chanya kwanza:

```r
library(epiR)
t <- as.table(matrix(c(675, 5,
                       57, 604), nrow = 2, byrow = TRUE))
epi.tests(t)
```

Hapo sensitiviti itatoka 0.92 na spesifisiti 0.99. Ukiligeuza utapata "sensitiviti" 0.99 na "spesifisiti" 0.91, ambazo kumbe ni uwezo wa kutabiri. Njia ya kujikamata ni kugawa mwenyewe kwa kikokotoo 675 kwa 732 kabla ya kuamini kompyuta. Kisha rudia kwa kila kundi peke yake, na jedwali la mbili kwa mbili la kila kundi liweke kwenye tasnifu, kipengele cha 23, mtu aweze kukuhakiki.

Na kipimo rejea changu hakikufanyika kwa wote, hiyo ndo spektra?

Hiyo ni bayasi ya uthibitisho, ndugu yake lakini si yeye. Spektra inahusu nani kaingia, uthibitisho unahusu nani kati ya walioingia kapelekwa kalcha. Kama ulipeleka kalcha wale waliokuwa chanya tu kwenye kipimo chako, hasi za uongo hutaziona na sensitiviti itapanda bandia. Sema moja moja, usizirundike pamoja kwenye aya ya limitesheni.

Naweza kuona hiyo aya ya limitesheni ikiwa imeandikwa vizuri?

Watu wanaandika "utafiti huu unaweza kuwa na bayasi ya spektra" na nukta. Hiyo haimsaidii mtu. Chini ni namna ninavyowaambia waandike, weka namba zako kwenye nafasi:

"Washiriki walichukuliwa hospitali ya rufaa, na ___ kati ya ___ wenye TB walikuwa chanya kwenye darubini (jedwali la 4). Kipimo kimekusudiwa kutumika vituo vya afya, ambako tunategemea sehemu ya walio hasi kwenye darubini iwe kubwa zaidi. Kwa hiyo sensitiviti ya jumla ya ___ huenda iko juu ya itakayoonekana huko. Kwa walio hasi kwenye darubini ilikuwa ___ (wigo wa asilimia 95: ___ mpaka ___). Waliowahi kutibiwa TB hawakuingizwa, kwa hiyo spesifisiti ya ___ isitumike kwa wagonjwa hao."

Kisha kwenye ile karatasi ya STARD unayoibandika nyuma, mkabala na 21a, 21b na 26, andika namba za kurasa zenyewe, na uzihakiki upya baada ya kubadilisha pambizo kwa ajili ya kuchapa, kwa sababu kurasa zinasogea na mtahini anaanza kwa kufungua ukurasa uliomwandikia.